Pilipili Inaweza Kutuliza Goti, Lakini Soma Hii Kabla ya Kujipaka

Wasee, kuna ile video inazunguka kwa magrupu ya familia. Mtu anatwanga pilipili kichaa, anaweka kwa mafuta ya nazi, anachemsha, anamwaga kwa chupa ya jemu, halafu anakuambia upake goti na mgongo na maumivu yaishe leo leo. Mimi nimetumiwa hiyo kitu mara tano, na mara tatu imetoka kwa watu wangu wa huku Machakos ambao najua wana mzazi au susu anayelia magoti kila asubuhi.

Watu wengi wameni-tag wakitaka niicheke. Siwezi. Kwa sababu ndani ya hiyo video kuna ukweli mkubwa, na kuna hatari, na hivyo vitu viwili vinatoka mahali pamoja. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijiiti daktari. Lakini hii mada nimeisoma sana, nimekaa na mfamasia nikamuuliza maswali hadi akachoka, na nyumbani kwetu kuna watu wawili ambao imewahusu moja kwa moja. Kaeni niwaeleze.

Kitu kinachofanya pilipili iwe kali kinaitwa kapsaisini. Ukiila au ukiipaka, unahisi moto. Lakini hakuna moto. Kwenye ncha za neva za maumivu, zile zilizo karibu na ngozi, kuna mlango mdogo sana ambao kazi yake ni kufunguka joto likifika karibu digrii 43, yaani pale ambapo joto linaanza kuumiza. Mlango ukifunguka, neva inapeleka habari kwa ubongo: tunachomeka. Sasa kapsaisini ina umbo linaloshika mlango huo huo na kuufungua bila joto lolote. Ubongo hauna njia ya kujua tofauti. Ndiyo maana ulimi unaungua na chakula ni baridi.

Huo mlango uligunduliwa na kikosi cha David Julius kule San Fransisko, wakaandika kuuhusu mwaka 1997. Na walitumia kapsaisini yenyewe kuutafuta. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian, aliyefanya kazi kuhusu jinsi mwili unavyohisi mguso na msukumo. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema pilipili ni dawa ya washamba, mwambie pilipili imeshatajwa Stokholmu.

Kama umeishi shamba, ushaona ndege wakila pilipili kichaa bila shida kabisa. Mlango wa ndege haushikiki na kapsaisini. Wao wanameza, wanaruka, wanapanda mbegu mbali. Sisi ndio tunalia.

Sasa swali la maana: kama kapsaisini inafungua mlango wa maumivu, inatulizaje maumivu?

Jibu ni kwamba inaichosha neva. Fikiria mtoto anayelia kila dakika ndio mama aje. Mwanzoni mama anakimbia. Baadaye mtoto anachoka, sauti inaisha. Ukipaka kapsaisini kidogo, mara kadhaa kwa siku, siku baada ya siku, zile ncha za neva zinapelekewa kelele hadi zinaacha kuitika. Zikipakwa kwa muda wa kutosha, ncha zenyewe zinarudi nyuma kidogo kutoka kwa ngozi. Ukiacha kupaka, zinaota tena baada ya wiki kadhaa na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Shika hapo, kwa sababu kila kitu kingine kinatokana na hapo. Dawa hii haifanyi kazi kwa kuchoma sana siku moja. Inafanya kazi kwa kipimo kidogo kinachofanana, kikirudiwa. Ile video inakuambia kinyume: kali zaidi, mara moja, leo leo.

Nichukue mapishi yenyewe tuyapige hesabu. Tuseme umeweka gramu 20 za unga wa pilipili kavu ndani ya gramu 200 za mafuta, na kapsaisini yote imetoka ikaingia kwa mafuta. Kama unga wako una kapsaisini asilimia 0.25, gramu 20 zina miligramu 50. Ukigawa kwa mafuta yako unapata asilimia 0.025. Sasa shangaa: hicho ndicho kipimo cha krimu ya kawaida ya viungo inayouzwa kwa kemisti. Mpishi amebahatisha!

Lakini badilisha pilipili tu. Chukua nyingine kali mara tatu, yenye asilimia 0.75, na tofauti ya namna hiyo kati ya pilipili na pilipili ni jambo la kawaida. Mapishi yale yale, kijiko kile kile, sasa una asilimia 0.075. Hicho nacho ni kipimo halisi cha krimu, ile ya nguvu zaidi inayotumika kwa maumivu ya neva. Na ukichukua ule unga mwekundu wa kuleta rangi tu, unapata karibu sifuri. Watu watatu wamefuata video moja. Mmoja hajahisi chochote, mmoja yuko sawa, mmoja anaruka ukutani. Na hakuna anayeweza kujua kwa macho, kwa sababu chupa zote tatu ni nyekundu.

Hapo bado nimekadiria kwamba umechuja vizuri. Wengi hawachuji. Zile chembe za pilipili zinazobaki zinashika ngozi mahali pamoja, na mahali hapo kipimo si 0.025 tena, ni kile cha pilipili yenyewe. Ukipaka pilipili mbichi iliyotwangwa ni mbaya zaidi, kwa sababu umebandika tunda lote kwa ngozi. Na ukichemsha mafuta na pilipili kwa jikoni isiyo na dirisha, mvuke wake utakohoza nyumba nzima. Mwenye pumu asiwe karibu kabisa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: sikatai pilipili, nakataa chupa ya jemu. Kitu unachonunua kwa kemisti si dawa ya ajabu kuliko ile ya shambani. Ni molekuli ile ile, isipokuwa mtu ameipima, na kipimo cha leo ndicho kipimo cha kesho.

Ukienda kuinunua, angalia jambo moja. Tyubu nyingi zinazouzwa kwa maumivu ya misuli, hata zikiwa na picha ya moto au ya mwanaspoti, hazina kapsaisini. Zina mentholi na methili salisileti, ambavyo vinafanya kazi kwa njia tofauti. Soma sehemu ya viambato. Jina limeandikwa kwa Kiingereza, linaanza na C badala ya K, na mbele yake kuna namba kama 0.025 au 0.075. Kama namba haipo, muulize mfamasia, au rudisha. Usichanganye tyubu mbili za aina hizo kwa goti moja.

Sasa niwaambie vile Susu wangu anatumia, kwa sababu ndiye mfano mzuri nilio nao.

Susu ana miaka 71, anaishi upande wa Kathiani, na goti lake la kulia gegedo limelika. Hiyo si ubashiri wangu, alipigwa picha na daktari akamwonyesha. Kwa muda mrefu alikuwa anameza diklofenaki ya kununua dukani karibu kila siku, na yeye ana presha. Daktari alimwambia wazi kwamba vidonge hivyo, kila siku, kwa mtu wa umri wake mwenye presha, vinaweza kuharibu figo, kutoboa tumbo na kusumbua moyo. Kwa hivyo kwetu hii haikuwa stori ya mitishamba dhidi ya hospitali. Ilikuwa: apunguze vidonge vipi na bado aweze kwenda kanisani?

Daktari akamwandikia krimu ya asilimia 0.025. Siku ya kwanza tulipaka tone dogo tu, nyuma ya goti kando kidogo, tukangoja hadi kesho yake. Hakukuwa na vipele wala kufura. Ndio tukaanza.

Kiasi ni kama punje moja ya njegere kwa goti zima. Unapaka mbele na pande zote mbili, unasugua polepole mpaka krimu ipotee. Kama bado unaona weupe, umeweka nyingi, na ile ya ziada haisaidii goti, inangojea tu kuingia kwa macho. Anapaka mara nne kwa siku, akiachanisha kama saa nne hivi kati ya mpako na mpako. Hazidishi nne hata siku ikiwa mbaya.

Wiki ya kwanza alinitukana. "Kyau, mbona mnanichoma na mimi ni mgonjwa?" Ni kweli, inachoma. Kila mara akipaka, goti linawaka kwa muda kisha linatulia. Hapa ndipo wengi wanatupa tyubu. Lakini ule moto wenyewe ndio unaopungua kwanza: siku ya tano ulikuwa mdogo kuliko siku ya pili, na wiki ya pili alikuwa anasema anasikia vuguvugu tu. Ukiruka siku mbili tatu, moto unarudi kama mwanzo, kwa sababu neva zimeamka tena. Kwa hivyo kupaka "nikihisi vibaya tu" ndiyo njia ya kupata machungu yote na usipate faida yoyote.

Nafuu aliiona baada ya wiki mbili na kitu. Maumivu hayakwisha. Anashuka ngazi akishikilia ukuta kama zamani. Lakini vidonge vimetoka karibu kila siku hadi siku chache kwa mwezi, na hiyo ndiyo tulikuwa tunatafuta. Gegedo halijaota, na kapsaisini haiwezi kuliotesha. Pia inafika tu pale neva ziko karibu na ngozi, ndiyo maana inasaidia goti au vidole kuliko nyonga, ambayo iko ndani sana. Na si kila mtu anasaidika. Hata kuipima kwa utafiti ni ngumu, kwa sababu mgonjwa akipewa krimu ya uwongo anajua mara moja: haichomi.

Sasa makosa yanayounguza watu. Nitayaeleza polepole.

La kwanza ni mikono. Kapsaisini haiyeyuki kwa maji, inayeyuka kwa mafuta. Ukisuuza mikono kwa maji ya mfereji tu, umeisambaza. Halafu unajikuna jicho, unatoa lenzi, unaenda chooni, unabeba mtoto. Tumia glavu, au nawa kwa sabuni na usugue mpaka chini ya kucha. Kama unatibu vidole vyenyewe, ngoja nusu saa ndio unawe, na hiyo nusu saa usiguse kitu chochote cha uso wako.

La pili ni joto. Kumbuka ule mlango unafunguliwa na joto pia. Ukioga maji moto kisha upake, au upake kisha ukae karibu na jiko, au uweke chupa ya maji moto juu ya goti, umefungua mlango kwa mikono miwili. Watu wanadhani wameungua na krimu kumbe ni krimu pamoja na maji ya kuoga. Susu anaoga kwanza, anangoja mwili upoe na ngozi ikauke, ndio anapaka. Hata jasho la kutembea juani mchana linaweza kuamsha moto wa asubuhi.

La tatu ni kufunga. Usifunge bendeji ya kubana juu yake, na usifunge nailoni kamwe. Ukiziba ngozi, dawa inaingia kwa wingi kuliko ilivyopangwa na joto linabaki ndani.

La nne ni ngozi isiyo nzima. Haiendi juu ya kidonda, mkwaruzo, vipele, wala ngozi uliyonyoa sasa hivi. Hii inawahusu sana watu wa mkanda wa jeshi. Ule ugonjwa ukiisha unaweza kuacha maumivu ya neva yanayodumu miezi, na hapo kapsaisini ni moja ya dawa zinazotumika. Lakini ni baada ya malengelenge kukauka na ngozi kufunga kabisa. Ukipaka wakati bado kuna malengelenge, utajuta. Na kuna kiraka cha asilimia 8, nguvu zaidi ya mara mia kuliko krimu ya 0.075, kinachobandikwa na mhudumu wa afya mwenye glavu kwa dakika 30 au 60 kisha kutolewa, na nafuu yake inaweza kufika miezi mitatu. Ukisoma kuhusu hicho kiraka usiseme "basi nami niongeze pilipili". Hicho hakitumiki nyumbani.

La tano ndilo lililonifanya niandike hii posti.

Mjomba wangu ana kisukari. Miguu yake usiku inawaka na kuchomachoma kama sindano, na wakati huo huo ina ganzi. Hivyo vitu viwili vinakaa pamoja kwa mtu wa kisukari: neva zilizoharibika zinapiga kelele zenyewe, lakini ukimgusa na kitu hahisi. Mtu akamletea mafuta ya pilipili ya nyumbani. Akapaka nyayo zote, hakuhisi moto, akaona ni hafifu, akaongeza. Kisha akafunga nailoni na soksi juu ili "iingie", akalala. Asubuhi kulikuwa na malengelenge upande wa mguu mmoja, na moja lilikuwa limepasuka ndani ya soksi bila yeye kujua. Kile kidonda kilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga, na kila wiki tulikuwa tunaogopa kusikia neno kukatwa.

Angalia kilichotokea. Kwa mtu mwingine, ule moto ndio kengele: ukizidi, unanawa. Mjomba kengele yake ilikuwa imekatwa waya. Kukosa kuhisi hakukumaanisha dawa ni hafifu. Kulimaanisha hana namna ya kujua imezidi. Krimu ya 0.075 hutumika kwa maumivu ya neva ya kisukari, ni kweli, lakini anayeamua ni daktari baada ya kupima hisia za mguu na kuangalia ngozi. Kama wewe au mzazi wako ana kisukari na miguu ina ganzi, usianze mwenyewe. Hata krimu ya kemisti. Hata kidogo.

Na unajuaje moto wa kawaida umegeuka kuwa kuungua? Moto wa kawaida unakuja muda mfupi baada ya kupaka, unapanda, unashuka, na kila siku unakuwa mdogo. Ngozi inaweza kuwa nyekundu kidogo na inarudi. Ukiona lengelenge, kufura, ngozi kuchubuka, au maumivu yanayoongezeka saa baada ya saa, hiyo si dawa inafanya kazi. Acha, toa, nenda hospitali. Ni nadra kwa krimu, lakini mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu kuungua vibaya na dawa za kupaka za misuli na viungo, nyingi zikiwa za mentholi na chache za kapsaisini, wengine baada ya kupaka mara moja tu.

Jinsi ya kuitoa: usianze na maji. Chukua mafuta ya kupikia kwa kitambaa, pangusa mahali hapo ukitupa kitambaa na kuchukua kingine, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, kisha maji baridi ya kawaida. Maziwa baridi pia husaidia ngozi. Maji moto hapana. Kama imeingia jichoni, hapo ni tofauti: maji safi tu, mengi, kwa dakika 15 ukifungua na kufumba. Usiweke mafuta wala maziwa jichoni. Kama bado linauma au unaona ukungu, nenda ukaonwe.

Na goti ambalo limefura ghafla, lina joto ukiligusa, na mwenyewe ana homa, halihitaji krimu yoyote. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu linaweza kuwa na usaha ndani.

Sasa ile video ikikufikia tena, usimcheke aliyeituma. Pengine ni shangazi yako anayejaribu kumsaidia mtu anayeumwa kweli. Muulize maswali mawili tu: ni nani anapakwa, na anahisi miguu yake? Kama jibu la pili ni hapana, mpigie simu. Usiandike, piga.